Kazi ya Ghala la Korosho kwenye CV Yangu

Ofisi yetu iko ghorofani, Kibaha, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Watu wakipakia nondo chini, sisi juu hatusikilizani, inabidi tunyamaze mpaka wamalize. Kwa kawaida jambo hilo hunikera sana. Siku ile nililishukuru, maana mkuu wetu wa ufundi alikuwa ameniuliza swali nami sikuwa na hamu ya kulijibu.

Tulikuwa watatu mezani: yeye, dada wa HR na mimi. Tulitafuta mhandisi mmoja wa programu, na mbele yetu kulikuwa na rundo la CV. Mimi ndiye niliyekuwa mwandamizi kati ya wahandisi, kwa hiyo nilikaa pale kama mtu anayejua kutenganisha pumba na mchele. Asubuhi nzima nilikuwa nimewacheka waombaji. Kuna mmoja alijaza nusu ukurasa kwa majina ya zana, lugha za programu zote unazozijua na nyingine ambazo nadhani alizisikia kwa jirani. Mkuu alimwangalia dada wa HR akasema, "Huyu kijana kama kweli amezitumia zote hizi, basi hajalala tangu azaliwe."

Dada wa HR hakucheka. Yeye si mhandisi na hajawahi kujifanya mhandisi. "Nyie mnacheka," alisema, "mimi ndiye ninayezisoma kwanza. Nikiona orodha ndefu hivi, najuaje ipi anaijua na ipi kaiweka kupendezesha?"

"Hujui," mkuu akamjibu. "Hata mimi sijui. Zana bila kazi iliyofanywa nayo ni jina tu."

Niliitikia kwa kichwa, tena kwa nguvu. Ningeijua dakika iliyokuwa inakuja, nisingejitia ujuaji kiasi kile.

Dada wa HR akachukua CV nyingine. Ilikuwa ya ukurasa mmoja, haina rangi wala picha. Akaanza kusoma kwa sauti, taratibu, kama anavyofanya akikutana na kitu anachokielewa:

"Makarani wa ghala la korosho Kisarawe walikuwa wakituma uzito wa mizigo kwa simu. Mtandao ukisumbua, walibonyeza tena, na mzigo mmoja uliingia kwenye mfumo mara mbili. Niliibadilisha programu ya simu ili kila upimaji uwe na namba yake ya pekee kabla ya kutumwa, na hifadhidata ikatae namba inayorudi. Malalamiko ya mizigo kujirudia yalikoma katika ghala hilo. Seva na ujumbe kwa wakulima vilikuwa chini ya mwenzangu."

Chini yake aliandika zana nne tu, kila moja na kazi yake: hii kwa programu ya simu, hii kwa hifadhidata. Ya mwisho aliiwekea maelezo: nimeijaribu nyumbani, sijaitumia kazini.

"Hapa hata mimi nimeelewa," alisema dada wa HR. "Najua shida ilikuwa nini, najua alifanya nini, najua kipi hakufanya."

"Na mimi naona pa kumbana kwa maswali," mkuu alisema. Kwake hiyo ni sifa kubwa. Kisha akakunja uso, akaivuta ile karatasi. "Ngoja kwanza. Ghala la korosho Kisarawe? Mizigo kujirudia?" Akanigeukia. "Hii si kazi yako wewe?"

Hapo ndipo nondo zilipoanza kupakiwa.

Nilikuwa na muda wote wa kelele ile kufikiri, na nilichofikiri ni kujiokoa. Mwenye CV ile nilimjua, ni dada niliyewahi kufanya naye kazi. Na yule "mwenzangu" wa sentensi ya mwisho, aliyepewa haki yake bila kupunguziwa hata chembe, alikuwa mimi. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Kelele zilipoisha nikasema, "Tulikuwa timu moja."

Si uongo. Tulikuwa timu moja. Ndiyo maana sentensi ile ni mbaya, kwa sababu huwezi kuikamata popote.

Mkuu akasema, "Sawa, lakini kwenye CV yako uliandika wewe ndiye uliyebuni. Nakumbuka vizuri, maana ndiyo iliyonifanya nikuite. Basi tumwite na huyu, tumsikie."

Wakati tunafanya kazi ile ya ghala, mwenye CV ile alikuwa anaishi kwao Kisarawe na mimi nilikuwa nimepanga Visiga. Kampuni iliyotuajiri ilikuwa ndogo, imeshakufa sasa. Kila mtu alikuwa na upande wake. Yeye alishika programu ya simu, na kwa kuwa ghala halikuwa mbali na kwao, alishinda huko akiwatazama makarani. Mimi nilishika seva na ujumbe wa simu ambao mkulima anapelekewa akishapimiwa korosho zake. Mtambo wa kupeleka ujumbe ulikuwa unazima ovyo, kwa hiyo nilitengeneza foleni: ujumbe ukishindwa kwenda, unasubiri, unajaribiwa tena baada ya muda, na ukishindikana kabisa mtu anaarifiwa. Pia kila wiki nilikuwa nachukua nakala ya akiba ya hifadhidata na kuirudisha kwenye mashine nyingine, kuhakikisha kwamba inafunguka kweli. Watu wengi huhifadhi nakala, wachache hujaribu kuzifungua. Ilikuwa kazi nzuri, na nasema hivyo bila kujivuna.

Lakini nilipokaa kuandika CV, kazi yangu nzuri ilionekana kama kufagia uwanja. "Nilihakikisha ujumbe unafika." Nani atamwita mtu kwa hilo? Katika kundi moja la WhatsApp la watafuta kazi, mtu aliyejiita mshauri alikuwa akitupigia kelele kila siku: acheni kuandika "nilishiriki", andikeni "nilibuni", "niliongoza", waajiri wanataka vitenzi vyenye misuli. Nikatafuta kitu cha kukibuni. Kile kisa cha mizigo kujirudia kilikuwa kitamu, kinaeleweka kwa mtu wa HR na kinamvutia mhandisi. Namba ile ilipokelewa na seva yangu, nikajiambia, kwa hiyo na mimi nimo. Nikaandika: nilibuni na kujenga mfumo wa kuzuia kumbukumbu kujirudia. Nikaongeza majina ya zana mbili kubwa ambazo nilikuwa nimezisomea tu. Baada ya muda niliitwa, nikahojiwa, nikapata. Wala sikuwa nimepoteza usingizi kwa ajili hiyo, na hilo sasa ndilo linalonikera zaidi.

Siku ya usaili mwenzangu huyo alifika mapema. Alikuwa ametoka Kisarawe alfajiri, akapitia Gongo la Mboto na Mbezi, na bado aliingia ametulia, viatu vimefutwa vumbi. Akamwamkia mkuu, "Shikamoo," akaitikiwa marahaba. Akamsalimia dada wa HR. Kisha akaniona mimi.

Kwanza alitabasamu, tabasamu la mtu aliyekutana na ndugu ugenini. "Kaka! Kumbe upo huku?" Halafu tabasamu likapungua. Aliniangalia, akaiangalia CV yake iliyokuwa mbele yangu, akakaa. Niliona kwamba kuna kitu kimemwingia, ila wakati ule nilidhani ni woga wa usaili.

Mkuu hakupoteza muda. "Hii kazi ya ghala. Wewe mwenyewe, kwa mikono yako, ulifanya nini?"

Akanitazama mara moja, haraka. "Tulikuwa timu, mzee. Tulisaidiana."

Sentensi yangu. Ilitoka mdomoni mwake bila yeye kujua kwamba nilikuwa nimeshaitumia mezani pale pale. Nikainamisha kichwa nikajifanya naandika.

"Sijaiuliza timu," mkuu alisema. "Timu haijaomba kazi."

"Nilikuwa upande wa simu."

"Upande wa simu ukifanya nini?"

"Kurekebisha rekebisha."

Dada wa HR alimtazama kwa mshangao. Karatasi ilikuwa imesema wazi, na mwenye karatasi alikuwa anajificha nyuma ya maneno. Nilijua anajificha kwa ajili ya nani. Alikuwa amenikuta nimekaa upande wa wenye kazi, akahisi tu, nilivyodhani, kwamba hawezi kuitaja kazi ile mbele yangu bila kunivua nguo. Kwetu mtu haaibishi mwenzake mbele ya bosi wake, hata mwenzake huyo akistahili. Nami nilimwacha anilinde. Nilikaa pale na kalamu yangu nikamwacha aanguke kwa hisani yake mwenyewe.

Kilichomwokoa kidogo ni kwamba mkuu aliacha kuuliza habari za watu akauliza habari za kitu. "Hiyo namba ya pekee. Inatengenezwa wapi na saa ngapi?"

Mabega yake yakashuka. Hapo alisahau kwamba mimi nipo.

"Kwenye simu," alisema. "Ila mwanzoni nilikosea. Niliitengeneza karani anapobonyeza kutuma. Kwa hiyo akibonyeza tena, inazaliwa namba nyingine, na mfumo unaona ni mzigo mwingine. Kwenye majaribio yangu nyumbani haikuonekana, maana mimi sibonyezi mara mbili. Nilienda kukaa na karani mmoja pale mizani. Yule mama akiona kidude kinazunguka tu, anabonyeza. Anabonyeza huku anaongea na watu! Nikaihamisha namba, nikaiweka pale anapofungua fomu ya mzigo mpya. Baada ya hapo abonyeze anavyotaka, namba ni ile ile."

Mkuu alikuwa ameshaegemea mbele. "Zikifika taarifa mbili za mzigo mmoja kwa wakati mmoja, seva inafanyaje? Inaangalia kama namba ipo?"

"Ikiangalia kwanza halafu ndiyo iandike, zote mbili zitaambiwa haipo, na zote zitaandikwa. Tuliacha hifadhidata yenyewe ikatae, tuliiwekea sharti kwamba namba isijirudie. Ya kwanza inaingia, ya pili inagonga."

"Na simu iliyotuma ya pili inajibiwa nini? Kosa?"

"Hapana, mzee. Inajibiwa imepokelewa, kwa sababu kweli imepokelewa. Ukiijibu kosa itaendelea kutuma mpaka jioni."

Mkuu alicheka, jambo ambalo halimtokei kila siku. Kisha akanigeukia. "Una la kuongeza?"

Nilijua kila alichokisema. Lile la namba kuhamishwa kutoka kubonyeza hadi kufungua fomu alikuwa amenisimulia kwa simu siku ile ile, anacheka, na mimi nikamwambia wewe mkali. Nilikuwa na la kuongeza. Nikasema, "Hapana, liko sawa."

Alipotoka, mkuu alikaa akigongagonga meza kwa kidole. Dada wa HR alikuwa na fomu ya alama, na kwenye fomu ile kuna mstari unaohusu mchango wa mtu binafsi.

"Ufundi anao," mkuu alisema. "Lakini nina tatizo. Nina CV mbili zenye kazi moja, na mmoja kaongeza chumvi. Huyu nilipomuuliza amefanya nini, amenywea. Mtu aliyeifanya kazi hanywei. Anaweza akawa ameelezwa vizuri na aliyeifanya." Akanielekezea kidole, si kwa ubaya. "Wewe ni mwelezaji mzuri."

Dada wa HR alishusha pumzi. "Mimi nilimpenda. Ila nikiandika shaka kuhusu ukweli hapa, jina lake ndilo limeisha. Hatumwiti tena, leo wala kesho. Tumchukue yule mwombaji wa pili tuliyemhoji?"

Kalamu yake ilikuwa imeshagusa karatasi. Ningependa kuandika kwamba moyo wangu ulikuwa safi wakati ule, kwamba nilimfikiria yeye tu. Nilifikiria kodi ya nyumba, nilifikiria jinsi mama yangu anavyowatajia majirani cheo changu, na nilifikiria kwamba nikinyamaza sekunde chache tu zaidi mambo yataisha yenyewe. Nilikuwa naogopa kweli kweli. Kilichonisukuma ni ile sentensi ya mwisho ya CV yake, mwenzangu, seva na ujumbe kwa wakulima. Mtu aliyetoka Kisarawe alfajiri kuja kutafuta kazi alikumbuka kuandika na ya kwangu.

"Usiandike," nikasema.

Wakaniangalia.

"Ile kazi ni yake. Wazo lake, na kwenye simu aliandika yeye. Hata lile sharti la hifadhidata ni yeye aliyeniambia niliweke. Mimi nilikuwa na seva na ujumbe, kama alivyoandika. Amenywea kwa sababu yangu, alinikuta nimekaa hapa. Kwenye CV yangu niliandika si kweli."

Niliomba nondo zipakiwe, hazikupakiwa.

"Siku ile nilikuhoji mimi," mkuu alisema hatimaye. "Nilikuuliza nini?"

"Uliniuliza mfumo unafanyaje kazi. Hukuniuliza ulikosewa wapi kabla haujafanya kazi."

"Ungejibu?"

"Ningejibu. Alinisimulia."

Akatikisa kichwa. Hakunigombeza, na nadhani ningefurahi angenigombeza. Dada wa HR ndiye aliyekuwa mkali. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye hana namna ya kuupima ufundi wa mtu, anategemea maneno aliyoandika, na kwamba mimi nilikuwa nimemfanya aje kumtilia shaka msema kweli. Kisha akaandika alama za yule dada wa Kisarawe, zote, mbele yangu.

Mimi nilipewa onyo, nikatolewa kwenye usaili, na nikaambiwa niandike CV yangu upya kwa ajili ya faili. Niliiandika nyumbani, Visiga, Jumamosi asubuhi. Ilinichukua muda mrefu kuliko ile ya uongo. Niliandika mtambo ulikuwa unazima, foleni niliifanyaje, nini kilitokea baadaye, na nani alifanya yaliyobaki. Zile zana mbili kubwa nilizifuta. Nilipomaliza nilisoma habari ya kurudisha nakala za akiba kila wiki kwenye mashine nyingine, nikaona ni habari nzuri tu, mtu yeyote wa kazi yetu angeiamini. Nilikasirika. Ilikuwepo tangu mwanzo, na ingetosha.

Yeye alipata kazi. Siku yake ya kwanza nilimsubiri mpaka saa ya chai, tukashuka kwa mama anayeuza vitumbua upande wa pili wa barabara. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilimwambia nilichokuwa nimekiandika kwenye CV yangu na jinsi kilivyotaka kumponza, nikamwambia anisamehe. Nilitarajia ashtuke. Ndani kabisa, nadhani, nilitarajia na pongezi kidogo kwa kuwa nimesema mwenyewe.

Alikata kitumbua chake katikati.

"Najua, kaka. CV yako ulinitumia mwenyewe, nikukagulie lugha. Ile sentensi nilikurekebishia mimi."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Alipoitaja ndipo ilinijia yote, hata shukrani niliyomtumia WhatsApp na kile kikatuni cha kidole gumba.

"Mbona hukusema?"

"Nikusemeje? Ulikuwa unahangaika na kazi." Akatafuna, akameza. "Nilisema basi, iwe yako. Kwenye CV yangu nikaitoa. Nilijua zikionekana mbili, mwizi nitakuwa mimi, maana wewe umetangulia. Nikawa naomba kazi na kile kimradi cha chuo tu. Hakuna aliyenijibu kaka. Mwaka umeisha, mwingine ukaingia, hakuna hata aliyenipigia."

Chai yangu ilikuwa inapoa. Nikauliza, maana nilihitaji mahali pa kushika, kwa nini basi safari hii aliiandika.

"Niliambiwa uko Dar," alisema. "Ningejua uko hapa, nisingeiandika."